Kwa nini mbingu ya Van Gogh huvamia nyumba za Tübingen

Agosti 2015, watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Tübingen nchini Ujerumani, Leon Gatys, Alexander Ecker na Matthias Bethge, walitoa makala yenye picha ambazo hadi leo watu wengi wanaojifunza kuivisha picha mtindo wa mchoraji kwa kompyuta huanza nazo. Walichukua picha ya mji wao wenyewe: safu ya nyumba ukingoni mwa mto Neckar, maji mbele, mbingu juu. Wakaivisha picha hiyo mitindo ya wachoraji mbalimbali, akiwemo Vincent van Gogh na mchoro wake wa usiku wenye nyota alioupaka mwaka 1889. Nyumba zilibaki mahali pake, zikatambulika, lakini rangi na mikono ya brashi ikawa ya Van Gogh.

Nataka tukae na jozi hiyo moja tu, picha ya Neckar na usiku wa Van Gogh, kwa sababu ina jambo linalofundisha zaidi ya uzuri wake. Tazama mchoro wa Van Gogh wenyewe. Mizunguko mikubwa iko mbinguni peke yake. Chini kuna kijiji kidogo kilichotulia, kuta na mapaa yake yamechorwa kwa mistari mifupi iliyonyooka. Mchoraji alitofautisha mbingu inayochemka na watu waliolala. Sasa endesha mbinu ya Gatys kwa jozi hii kwenye kompyuta yako: mizunguko haikai mbinguni. Inashuka kwenye kuta, inapita juu ya maji, na mabaka ya njano ya nyota hutokea ubavuni mwa nyumba. Wanaoiona mara ya kwanza hudhani ni bahati mbaya, wakaongeza hatua za mahesabu au wakabadilisha uzito huu na ule. Haisaidii sana, kwa sababu jambo hili linatoka kwenye kiini cha mbinu yenyewe.

Tuanze na chombo. Mtandao wa neva bandia uliotumika ni VGG-19, uliotengenezwa Oxford mwaka 2014 na Karen Simonyan na Andrew Zisserman ili kutambua vitu kwenye picha: huyu ni mbwa wa aina gani, hiki ni kikombe au birika. Haukufundishwa sanaa. Una matabaka 16 ya vichujio, na matatu ya mwisho ya kutoa uamuzi ambayo hapa hayahitajiki, yanakatwa. Kila tabaka lina chaneli nyingi, na kila chaneli ni kama ramani ya picha inayoonyesha kitu fulani kiko wapi na kwa nguvu gani. Chaneli za tabaka la kwanza huitikia vitu vidogo kama ukingo wa wima au doa la rangi. Za matabaka ya ndani huitikia maumbo makubwa zaidi: mkunjo, kona ya dirisha, msokoto wa mistari.

Katika kazi hii uzito wa mtandao, yaani namba za vichujio vyake, haubadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni pikseli za picha mpya. Unaanza na picha ya chenga tupu, au na nakala ya picha ya mji, unaipitisha kwenye mtandao, unapima imekosea kiasi gani, kisha unasogeza kila pikseli kidogo kuelekea upande unaopunguza kosa. Unarudia mara mamia. Kwa hiyo swali lote ni hili: kosa linapimwaje?

Linapimwa kwa njia mbili zinazovutana, kila moja ikiwa na uzito wake katika jumla ya kosa. Upande wa maudhui ni rahisi. Gatys na wenzake walichagua tabaka liitwalo `conv4_2`. Picha ya pikseli 512 kwa 512 ikifika hapo inakuwa na chaneli 512, kila moja ikiwa gridi ya 64 kwa 64. Unachukua thamani za picha ya mji na za picha mpya, unatoa moja kwa nyingine mahali kwa mahali, unapiga kipeo cha pili, unajumlisha. Kona ya paa ikiwa safu ya 20 kwenye picha ya mji, lazima iwe safu ya 20 kwenye picha mpya, la sivyo kosa linapanda. Maudhui yanajali mahali.

Upande wa mtindo haujali mahali, na hapa ndipo kisa chetu kilipo.

Mtindo unapimwa kwa jedwali la Gram, moja kwa kila tabaka kati ya matano yaliyochaguliwa, na kosa ni tofauti kati ya jedwali la mchoro na la picha mpya. Kwa kila jozi ya chaneli ndani ya tabaka moja, unauliza: je, hizi mbili huwaka pamoja? Unazidisha thamani zao kila mahali, kisha unajumlisha mahali pote. Tuchukue tabaka dogo la kubuni lenye chaneli mbili na mahali panne. Chaneli ya kwanza ina 1, 0, 2, 0. Ya pili ina 0, 3, 2, 0. Ya kwanza ikizidishwa kwa yenyewe na kujumlishwa inatoa 1 + 4, yaani 5. Ya pili kwa yenyewe inatoa 9 + 4, yaani 13. Ya kwanza kwa ya pili inatoa 4 tu, kwa sababu ni mahali pa tatu peke yake ambapo zote mbili zimewaka. Jedwali zima ni 5, 4, 4, 13.

Sasa changanya mahali. Peleka pa tatu kuwa pa pili, pa kwanza kuwa pa tatu, na kadhalika, lakini kila mahali pahame na thamani zake zote mbili. Chaneli ya kwanza inakuwa 0, 2, 1, 0 na ya pili 0, 2, 0, 3. Piga hesabu tena: 5, 4, 4, 13. Hakuna kilichobadilika. Lakini ukiivuruga chaneli ya pili peke yake ili iwe 3, 0, 0, 2 huku ya kwanza ikibaki 1, 0, 2, 0, zao la jozi linashuka kutoka 4 hadi 3. Jedwali linatunza nani huandamana na nani. Halitunzi wapi.

Kwa msimbo wa PyTorch, `f` ikiwa ramani za chaneli za tabaka moja, ni mistari michache:

```python
def gram(f):
    c, h, w = f.shape
    f = f.reshape(c, h * w)
    return f @ f.t() / (h * w)
```

Angalia `reshape`. Pale ndipo urefu na upana vinapotupwa na picha kugeuka kuwa msururu mmoja mrefu wa mahali. Kugawanya kwa `h * w` nako kuna kazi: kunageuza jumla kuwa wastani, ili mchoro na picha ya mji viweze kulinganishwa hata kama ukubwa wao si sawa. Ukikisahau na mchoro wako ukawa mkubwa mara mbili ya picha, jedwali lake litakuwa na namba kubwa zisizofikika, na picha mpya itachomwa na rangi kali hadi ionekane imeungua.

Kwa wanaozijua khanga: khanga ina pindo na ina mji, na uzuri wake unategemea kila kimoja kukaa pake. Ukikata pindo vipande ukavitawanya katikati ya mji, jedwali la Gram la matabaka ya mwanzo litakuwa karibu sawa na la khanga nzima. Kwa jedwali hilo hujaharibu kitu.

Gatys na wenzake walilijua hili. Walitoka moja kwa moja kwenye kazi yao ya miezi michache nyuma, mwaka huohuo wa 2015, ya kutengeneza unamu: mpe mtandao picha ya kokoto au ya magome ya mti, nao utoe kokoto au magome mapya yasiyo na mwisho. Kwa kokoto, kusahau mahali ni sifa njema. Kokoto haina juu wala chini. Ujasiri wao ulikuwa kudai kwamba mtindo wa mchoraji unaweza kushughulikiwa kama unamu, na kwa sehemu kubwa walikuwa sahihi. Kwa jozi yetu, hata hivyo, mchoro una mbingu na una kijiji, na viwili hivi ni unamu wa namna mbili tofauti.

Ukitaka kuliona hili kwa macho, fanya jaribio ambalo ningependa kila mtu alifanye kabla ya kugusa kitu kingine. Ondoa kabisa upande wa maudhui, weka uzito wake uwe sifuri, anza na chenga tupu, na mtindo uwe wa usiku wa Van Gogh. Kitakachotoka si mchoro. Ni shuka lililojaa vipande vyake: nusu ya mzunguko hapa, vipande vya mapaa juu karibu na mwezi, ndimi nyeusi za mti wa mberoshi zikielea bila shina, nyota chini kabisa. Mkono wa Van Gogh upo na unatambulika mara moja, ila mpangilio umekwisha. Hicho ndicho mtandao unachokijua kuhusu mchoro ule. Chochote utakachokiona baadaye kwenye nyumba za Tübingen kinatoka kwenye shuka hilo.

Sasa turudi kwenye mji na tufanye hesabu, kwa sababu wengi wanajua kwamba mahali hapajulikani lakini hawajaona matokeo yake makali. Tuseme katika mchoro mbingu inachukua asilimia 70 ya turubai, na kijiji na vilima asilimia 30. Tuseme katika picha ya Neckar mbingu ni asilimia 35 tu, na nyumba, miti na maji ni asilimia 65. Chukua kisanduku kimoja tu cha jedwali, kile cha jozi ya chaneli zinazowaka pamoja kwenye mizunguko. Mbinguni wastani wake uwe 10, kijijini uwe 2. Jedwali la mchoro mzima litasoma 0.7 mara 10 jumlisha 0.3 mara 2, yaani 7.6. Hiyo ndiyo namba ambayo picha mpya inatakiwa kuifikia.

Mchukulie sasa mchoraji makini anayeweka mizunguko mbinguni tu na mistari tulivu kwenye nyumba, kama Van Gogh mwenyewe alivyofanya. Picha yake itasoma 0.35 mara 10 jumlisha 0.65 mara 2, yaani 4.8. Pengo ni 2.8, na kosa ni kipeo chake cha pili, 7.84. Picha iliyo sahihi kwa jicho la binadamu inaadhibiwa. Ili kosa liwe sifuri, mizunguko lazima ifunike asilimia 70 ya picha. Mbingu inatosha nusu tu. Asilimia 35 nyingine itatoka wapi? Kwenye kuta na maji. Zaidi ya nusu ya eneo la chini ni lazima livamiwe ili mahesabu yaridhike.

Kwa hiyo kompyuta haikosei inapozungusha kuta. Inafanya kwa uaminifu kile ilichoambiwa. Mizunguko inashuka kwa sababu uwiano wa maeneo katika picha mbili haufanani, na jedwali la Gram linabeba uwiano huo ndani yake kimyakimya. Hii ndiyo sababu mtu mmoja huchagua mchoro na picha akapata matokeo ya kupendeza mara ya kwanza, na mwenzake akachagua mchoro uleule na picha nyingine akaambulia fujo. Wa kwanza picha yake ilikuwa na mbingu pana. Hakuna siri zaidi ya hapo, na ni jambo unaloweza kulikadiria kwa macho kabla hata hujawasha kompyuta.

Kinachozuia uvamizi ni upande wa maudhui peke yake, lakini nguvu zake hazilingani kila mahali. Safu za madirisha na mistari ya mapaa huamsha chaneli nyingi za `conv4_2`. Ukizifuta, kosa linapanda haraka. Ukuta mtupu au maji yaliyotulia hayana maumbo ya kupoteza, na mikwaruzo midogo juu yake huweza kupita bila tabaka hilo kushtuka sana. Ndiyo maana mizunguko hupenda kutua kwenye kuta pana na juu ya mto, ikiyakwepa madirisha.

Hapo mtu atasema: basi ongeza uzito wa maudhui. Katika makala ya 2015, kwa mchoro huu uwiano wa maudhui kwa mtindo ulikuwa 1 kwa 1,000. Usiinakili namba hiyo ukitegemea matokeo yaleyale. Wao waliurekebisha mtandao kwanza, wakapima upya vichujio vyote ili kila kimoja kwa wastani kitoe thamani ya 1. Jambo hilo linawezekana katika VGG bila kubadilisha matokeo yake ya mwisho. Mtandao unaoupakua leo kwa kawaida haujarekebishwa hivyo, na fomula za kugawanya zinatofautiana kutoka msimbo mmoja hadi mwingine, kwa hiyo 1 kwa 1,000 ya mmoja ni kitu kingine kabisa kwa mwenzake. Njia ya kuaminika ni kuchapisha kosa la kila tabaka peke yake kila baada ya hatua kadhaa. Ukiona tabaka moja linabeba karibu jumla yote na mengine ni makombo, ujue unavisha mtindo wa tabaka moja tu.

Hata ukipata uwiano unaofaa, kuongeza maudhui hakutibu ugonjwa. Kunapunguza mtindo kila mahali kwa pamoja, mbinguni na kwenye kuta. Unabaki na picha ya mji iliyopauka kidogo na mikwaruzo ya kusitasita, na mbingu ambayo ungetaka ichemke nayo imepoa. Nimeona watu wakizungusha kitufe hiki kimoja usiku kucha wakitafuta nukta ambayo haipo.

Tiba ilitoka kwa Gatys na wenzake tena, mwaka 2017, katika kazi ya kudhibiti mtindo kwa mahali, rangi na ukubwa. Kama jedwali moja linachanganya mbingu na kijiji, tengeneza mawili. Unachora barakoa kwa kila picha: nyeupe mahali pa mbingu, nyeusi kwingine, na nyingine ya kinyume chake. Unazidisha ramani za chaneli kwa barakoa `m`, iliyopunguzwa hadi ukubwa wa gridi ya tabaka, kabla ya kupiga jedwali:

```python
def gram_eneo(f, m):
    c, h, w = f.shape
    f = (f * m).reshape(c, h * w)
    return f @ f.t() / (m ** 2).sum()
```

Mstari wa mwisho ndio unaotibu. Hugawanyi tena kwa ukubwa wa picha nzima bali kwa ukubwa wa eneo. Kisanduku chetu sasa kinasoma 10 kwa mbingu ya mchoro na 10 kwa mbingu ya mji, iwe asilimia 70 au 35. Kwa nyumba kinasoma 2 na 2. Picha ya mchoraji makini haiadhibiwi tena. Kosa lake ni sifuri, na kompyuta haina sababu ya kushusha mizunguko.

Lakini kuchora barakoa kunakulazimisha kuamua mambo ambayo kabla yake hukuyafikiria, na hapa kazi inakuwa ya jicho kuliko ya hesabu. Ule mti wa mberoshi mweusi upande wa kushoto wa mchoro, ni wa mbingu au wa ardhi? Umesimama mbele ya mbingu, kutoka chini hadi karibu na ukingo wa juu. Ukiuacha ndani ya barakoa ya mbingu, ndimi nyeusi zitatokea juu ya mapaa ya Tübingen kama moshi. Ukiutia kwenye ardhi, kuta zitapata michirizi myeusi ya wima. Mimi huuacha nje ya barakoa zote mbili. Mji ule una miti kando ya mto, kwa hiyo anayetaka anaweza kuupa mberoshi barakoa yake ya tatu na kuufunga na miti hiyo. Ni uamuzi mzuri zaidi, ila unaongeza kazi.

Mpaka wa mbingu na mapaa nao una matatizo yake. Mahali pamoja katika tabaka la kwanza panaona pikseli 3 kwa 3 tu za picha. Katika `conv4_1` panaona 68 kwa 68, na katika `conv5_1`, tabaka la ndani kabisa kati ya matano yanayotumika kwa mtindo, panaona 156 kwa 156. Mahali palipo juu kidogo ya paa katika `conv5_1` panaona mbingu na nyumba kwa pamoja, hata kama barakoa inasema ni mbingu. Ukiiacha hivyo utaona ukanda wa utatanishi kando ya mapaa, mizunguko iliyokatika na mapaa yanayoyeyuka. Dawa ni kuila barakoa pembeni kwa matabaka ya ndani, ili ihesabu tu mahali ambapo dirisha lake la kuona limekaa ndani ya eneo. Matabaka ya mwanzo yaache yafike mpakani.

Namba hizo za 68 na 156 zinaeleza pia kasoro nyingine ambayo mtu huweza kuichanganya na ya kwanza. Ukiendesha kila kitu kwa upana wa pikseli 500 hivi, mwezi na mizunguko ya Van Gogh inaingia vizuri ndani ya dirisha la mtandao. Ukitaka picha ya kuchapisha ukutani ukapandisha hadi 2,000, mzunguko mmoja mkubwa unapita pikseli 156 kwa mbali. Hakuna mahali katika mtandao panapouona mzima. Mizunguko inavunjika, unabaki na mistari ya brashi inayokwenda huku na huku bila umbo. Dalili yake ni tofauti na uvamizi: hapa rangi na mistari iko kila mahali, ila hakuna hata mzunguko mmoja uliokamilika, si mbinguni wala chini. Suluhisho la 2017 ni kufanya kazi kwa hatua: maliza picha kwa pikseli karibu 500, ikuze matokeo yake, kisha yatumie kama mwanzo wa awamu kubwa. Umbo linabaki la awamu ya kwanza, awamu ya pili inaongeza tu nyuzi za brashi.

Kuna kasoro ya tatu, na hii barakoa haiigusi. Jedwali la Gram halitofautishi baadhi ya vitu ambavyo jicho linavitofautisha mara moja. Chukua chaneli moja yenye thamani ya 0.707 kila mahali, bapa kabisa. Wastani wa vipeo vyake vya pili ni 0.5. Chukua nyingine ambayo nusu ya mahali ni 0 na nusu ni 1, yenye tofauti kali. Wastani wa vipeo vyake ni 0.5 vilevile. Eric Risser na wenzake waliliandika hili mwaka 2017, na ukishalijua unaanza kuliona: baka la mbingu limepauka na kuwa bapa, na jirani yake limekolezwa kupita kiasi, viwili vikifidiana ndani ya jedwali moja. Wao walipendekeza kulinganisha pia mgawanyo mzima wa thamani za kila chaneli, si mazao yake tu. Kwa kazi ndogo, kuongeza ulinganisho wa wastani wa kila chaneli karibu na jedwali tayari kunapunguza sana mabaka hayo.

Kijiji nacho kina udhaifu wake katika mpango wa barakoa. Mchoro wenyewe una sentimita 73.7 kwa 92.1, kwa hiyo ukiupunguza hadi pikseli 512 kwa 640 hauvunji umbo lake. Katika `conv5_1` unakuwa gridi ya 32 kwa 40, mahali 1,280. Kama nyumba za kijiji na mashamba yake ni moja ya tano, unabaki na mahali 256 pa kujazia jedwali la 512 kwa 512. Jedwali hilo haliwezi kubeba mielekeo huru zaidi ya 256. Nusu yake ni upungufu mtupu. Matokeo yanaonekana kwenye kuta za Tübingen: sampuli ileile ya mistari inajirudia nyumba hadi nyumba, kwa sababu mtandao haukuona aina nyingine. Kwa eneo hili ninaondoa `conv5_1` na kubakiza matabaka manne, ambayo yana mahali pengi zaidi ya kujifunzia. Kuta zinapata mistari mifupi iliyonyooka kama ya kijiji, na marudio yanapungua.

Kinachobaki ni madirisha. Van Gogh aliwasha taa chache kijijini, vidoa vya njano ndani ya vijumba vya giza. Barakoa ya nyumba haijui dirisha ni nini. Inajua nyumba tu, kwa hiyo vidoa hivyo vinaanguka popote kwenye kuta, na ni nadra kuangukia dirisha. Unaweza kuchora barakoa ya madirisha kwa picha zote mbili, na inafanya kazi katika `conv1_1` na `conv2_1`. Matabaka ya ndani kabisa haiyafikii: hatua ya gridi katika `conv5_1` ni pikseli 16, na dirisha lenye upana wa pikseli 8 halijazi hata mahali pamoja. Kwa madirisha, basi, jedwali linabeba rangi na ukingo tu. Kwa mwanga wa taa, rangi na ukingo vinatosha.